Usishike dhahabu ju ya simu na meno: hasara yangu ya 2021

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kamituga ameniandikia: "Yaya, niko na gramu 40 nimezificha, nangoja. Wanasema simu mpya na magari ya umeme zitamaliza dhahabu yote, bei itapanda sana. Nishike ama niuze?" Nimesoma ule ujumbe mara mbili na moyo umeniuma, ju hayo maneno ndo nlikuwa nasema mie mwenyewe hapa Bukavu mwaka 2021, na kwa sauti kubwa, mbele ya shemeji yangu mwenye makuta.

Wakati ule dunia nzima ilikuwa inalia eti chipu hazitoshi, viwanda vya magari vinasimama, watu wote wako nyumbani wananunua kompyuta. Mi nkajiambia chipu iko na dhahabu ndani, chipu zinatafutwa, basi dhahabu itapanda. Nkakopa kwa shemeji na kwa mzee mmoja wa riba, nkanunua gramu 100 mwanzo wa januari. Ilikuwa ya asilimia 92, kwa hiyo dhahabu yenyewe safi ilikuwa gramu 92. Bei ya dhahabu ya London ilikuwa karibu dola 1,940 kwa aunsi, na aunsi ni gramu 31.1, ni kama dola 62 kwa gramu. Mwisho wa marsi ilikuwa imeshuka chini ya 1,700, dola 54 na kitu. Mzee wa riba akakuja mlangoni. Piga hesabu wewe mwenyewe: dola karibu 8 mara gramu 92, ni zaidi ya 700 zimekwenda, riba sijaweka. Shemeji mpaka leo akinisalimia anasalimia kidogo tu.

Chenye kiliniuma zaidi, kuhusu chipu sikukosea! Viwanda vilinunua kweli. Baraza la Dhahabu la Dunia linahesabu kila mwaka, na 2021 teknolojia ilichukua kama tani 330, imezidi ya 2020 kwa asilimia 9 hivi. Na bei ilimaliza mwaka iko chini kuliko ilivyoanza.

Ilinichukua muda kuelewa ju ya nini. Hizo tani zilizoongezeka hazifiki 30. Mwaka uleule, watu wenye kuweka dhahabu kupitia mifuko ya burse, wale wa Amerika na Ulaya, waligeuka: 2020 walinunua zaidi ya tani 850, halafu 2021 wakauza kama 170, ju riba ya bondi za serikali ya Amerika ilianza kupanda na dhahabu haizai riba. Hapo kumegeuka tani zaidi ya 1,000. Sasa tani 30 zinasukuma upande mmoja, tani 1,000 upande mwingine. Nani atashinda?

Na kosa langu najua lilitoka wapi, lilitoka kwa koltani. Sisi wa Kivu tulikulia ndani ya ile hadithi ya mwaka 2000, bei ya koltani ikapanda mpaka watu wakaacha mashamba, juu viwanda vya elektroniki vilikuwa vinaitafuta, na 2001 ikaanguka. Pale kiwanda ndo mnunuzi, na koltani ikishaingia kwenye simu imekwenda, hakuna mtu iko na koltani ndani ya sanduku la bibi yake. Kiwanda kikikosa, bei inaruka. Kobalti ya Kolwezi ni vilevile na betri. Dhahabu haiko hivyo. Yote iliyochimbwa tangu zamani, karibu yote bado iko: tani 216,000 hivi, kwa vyumba vya benki, kwa shingo za wamama wa India, kwa masanduku. Viwanda vinachukua tani 320 na kitu kwa mwaka. Bei ikipanda kidogo, watu wanatoa bangili na pete wanauza, na 2024 dhahabu ya kurudishwa hivyo imepita tani 1,300. Kiwanda hakiwezi kukosa dhahabu. Mi nlipima dhahabu kwa mzani wa koltani.

Tena angalia simu yenyewe. Watu wa jiolojia wa Amerika walihesabu zamani kwamba simu milioni moja ziko na dhahabu kilo 34. Simu moja ni gramu 0.034. Hizo gramu 40 za kijana wangu zinatosha simu karibu 1,170! Kwa bei ya 2024, dola 77 hivi kwa gramu, ni dola 2 na nusu ndani ya simu ya dola 300. Bei ikipanda mara mbili mwenye kiwanda hafungi kiwanda. Lakini hakai bure pia, anaanza kupunguza polepole. Ndani ya chipu kuna waya mwembamba kuliko unywele, zamani ulikuwa dhahabu tupu; bei ilipopanda miaka ya 2009 mpaka 2011, viwanda vingi vikaingia kwa waya wa shaba uliopakwa paladi, na havikurudi. Unaona ni nani anasukuma nani? Bei ndo inasukuma kiwanda.

Kwa meno inaonekana wazi zaidi. Mwezi jana mama mmoja amenileta kwa meza yangu ya kununua dhahabu jino la baba yake marehemu, limefungwa kwa leso, taji la dhahabu na kipande cha mfupa bado kinashika ndani. Nimelitoa mfupa polepole, nimeweka kwa mzani: gramu 2.6. Rangi njano kabisa, mwenzangu wa meza ya pembeni akasema lipa kama 22 karati. Nkamwambia hapana, dhahabu ya meno inachanganywa na platini, paladi na fedha ili iwe ngumu ya kutafuna. Mara nyingi dhahabu ndani ni asilimia 60 mpaka 80, kuna nyingine haifiki hata hapo, na platini ni nzito kupita dhahabu yenyewe, kwa hiyo ukipima uzito kwa maji utadanganyika. Tukayeyusha mbele yake, tukatoa kidogo kupima: 71. Nimemlipa kwa 71, na amehesabu makuta yake mwenyewe mbele yangu.

Nlimuuliza daktari wa meno jirani kama bado anaweka hayo. Akacheka, anasema miaka mingi hajaagiza, sasa ni keramiki, zirkonia, ama kobalti na kromu. Na dunia nzima ni hivyo. Mwaka 2004 meno yalikula zaidi ya tani 60, 2024 hazifiki 10. Karibu zote zimekufa. Kama meno yangekuwa na nguvu, bei ingeshuka, sivyo? Wastani wa 2004 ulikuwa dola 409, wa 2024 karibu 2,390. Na 2023 teknolojia yote ilishuka chini sana, karibu tani 300, bei ikapanda zaidi ya asilimia 10, ju benki kuu za nchi zilinunua zaidi ya tani 1,000.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaonunua na kuuza, mtu akikuletea habari ya dhahabu, muulize kwanza ni tani ngapi. Akisema kiwanda kipya, gari, simu, meno, msikilize kwa heshima lakini usikope ju ya hiyo. Sikieni riba ya Amerika imekwenda wapi, benki kuu zinafanya nini, mifuko ya burse inaingiza ama inatoa. Hizo ndo zinatikisa London, na London ndo inatikisa meza yangu hapa. Na makuta ya riba usiyafungie ndani ya dhahabu hata siku moja, nasema tena, hata siku moja, mi nimeyaonja.

Kijana nimemuuliza swali moja tu, hizo gramu 40 ni za makuta yako ama ya mtu? Amejibu usiku: nusu ni za mjomba, anazitaka mwezi ujao. Nimemwambia auze za mjomba kesho asubuhi.