Skrinishoti ya mkataba: rekebisho lipi limepita, lipi bado linaning'inia?

"Wakuu, nimetumiwa skrinishoti ya mkataba wa fremu Kariakoo. Ina maandishi mekundu, mengine yamekatwa, na komenti pembeni. Nitajuaje kipi kimekubaliwa na kipi bado?"

Mkuu, usianze na maneno, anza na utepe wa juu. Kama picha imechukua kichupo cha Review cha Word, tafuta kisanduku chenye All Markup, Simple Markup, No Markup au Original. Hicho ndicho kinachoamua kama picha inafaa kusomwa. Kwako maandishi yaliyokatwa yanaonekana, kwa hiyo ni All Markup, uko pazuri. Ingekuwa Simple Markup ungeona maandishi safi kana kwamba kila kitu kimepitishwa, na dalili pekee ni kimstari chekundu cha wima pembeni ya ukurasa. No Markup haina hata hicho kimstari, na wengi hapo ndipo wanaposaini wakidhani mambo yameisha.

Ndani ya All Markup kanuni ni moja: chenye alama bado hakijaamuliwa. Neno lililoongezwa lina rangi na mstari chini, lililofutwa limekatwa katikati. Likikubaliwa, alama zinatoka na neno linabaki jeusi kama wenzake. Rangi isikubabaishe. Word huipanga kwa kila mhariri, na inaweza kubadilika faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo usidhani nyekundu ni ya mwenye fremu hadi uone jina.

Tuchukue mfano wa mkataba kama wako. Kifungu cha kodi: "shilingi 450,000" imekatwa, pembeni yake "500,000" ina mstari chini. Zote zina alama, kwa hiyo kodi mpya bado ni pendekezo. Sasa angalia kwa makini, maana kwa Word kubadilisha tarakimu moja ni marekebisho mawili, kufuta na kuongeza, na kila moja lina uamuzi wake. Ukikuta 450,000 bado imekatwa kwa rangi lakini 500,000 ni nyeusi tupu, mtu amekubali nyongeza akasahau ufutaji. Hapo akija mwingine akabofya Reject kwenye ile iliyokatwa, sentensi itasomeka "shilingi 450,000 500,000". Ukiona tarakimu mbili zimebanana kwenye mkataba, mara nyingi chanzo ni hicho.

Kifungu cha notisi: maandishi ni meusi, "siku 30", pembeni kuna komenti "Iwe siku 60", chini yake jibu "Sawa". Hapa hakuna rekebisho lolote. Komenti ni mazungumzo tu, mkataba bado unasema 30. Hata komenti ikiwa na Resolved, maana yake ni kwamba mjadala umefungwa, si kwamba maandishi yamebadilika. Kinyume chake pia kipo: komenti imefungwa, rekebisho lililo chini yake bado lina rangi.

Kifungu cha dhamana ndicho kigumu. Maandishi meusi, "miezi miwili", na komenti "Nimebadili iwe miwili". Inawezekana rekebisho lilikubaliwa, au mtu aliandika huku Track Changes, inayoweka hizi alama, imezimwa. Kwenye picha hali hizi mbili zinafanana kabisa, usipoteze muda kukodoa macho. Omba faili la kwanza na la sasa, kisha Review, Compare. Tofauti zote zitajitokeza zenyewe.

Kama picha ni ya Google Docs, soma vijisanduku vya kulia. Pendekezo linaanza na Add, Delete au Replace, na mwenye haki ya kuhariri anaona alama ya tiki pamoja na ya X. Komenti ya kawaida ina tiki bila X, na tiki hiyo ni ya kufunga mjadala tu. Watu huzichanganya sana hizi mbili. Pendekezo likishaamuliwa kijisanduku chake kinaondoka, na historia yake utaipata File, Version history.

Mwambie aliyekutumia apige upya. Achague All Markup, aingie Show Markup, Specific People, ahakikishe majina yote yana tiki, maana jina lisilo na tiki alama za marekebisho yake hazionekani kabisa. Kisha afungue Reviewing Pane. Juu yake kuna idadi ya marekebisho na komenti zilizobaki kwenye faili zima. Ikisema 9 na kwenye picha unahesabu 4 pamoja na komenti, mengine matano yako kurasa nyingine. Na WhatsApp atume kama Document, si kama picha, maana ikibanwa kile kimstari chembamba cha chini ndicho cha kwanza kupotea.