Kabla hujauza hisa kwenye mnada wa kufunga soko la London

Nilipoanza kununua na kuuza hisa hapa London, niliamini bei ya kufunga soko ni ile ya biashara ya mwisho ya siku. Jioni moja nikataka kuuza hisa 200 za kampuni ndogo. Saa 10:29 bei ilikuwa peni 103. Nikaweka oda ya soko, yaani uza kwa bei yoyote itakayopatikana, nikijua nitapata 103 au karibu na hapo. Ilifika soko likiwa limeshaingia kwenye mnada, nikalipwa peni 101. Nilimpigia dalali nikiwa nimekasirika kweli, nikidhani nimeibiwa. Hakubishana nami, alinitumia oda zote za mnada ule, akaniambia nikae nizihesabu mwenyewe.

Biashara ya kawaida husimama saa 10:30 jioni. Kuanzia hapo hadi saa 10:35 oda zinapokelewa, zinabadilishwa na zinafutwa, lakini hakuna hisa inayouzwa. Zinarundikana tu. Kisha mfumo unatafuta bei moja itakayouza hisa nyingi zaidi, na wote wanaopata nafasi wanauziana kwa bei hiyo hiyo.

Hizi ndizo oda za jioni ile, tarakimu nimezirahisisha kidogo. Upande wa wanunuzi kulikuwa na hisa 300 za oda ya soko, 400 za watu waliokubali kulipa hadi peni 102, 500 hadi 101, na 600 hadi 100. Upande wa wauzaji kulikuwa na zangu 200 za oda ya soko, 300 za waliotaka angalau peni 99, 400 angalau 100, 500 angalau 101, na 300 angalau 102.

Sasa jaribu kila bei. Kwa peni 100 wanunuzi wanataka hisa 1,800, lakini zinazouzwa ni 900, kwa hiyo zitauzwa 900. Kwa 102 wauzaji wana 1,700, ila wanunuzi waliobaki wanataka 700 tu. Kwa 101 wanunuzi wanataka 1,200 na wauzaji wanatoa 1,400, hivyo zinauzwa 1,200. Hapo ndipo pa juu kabisa, na 101 ikawa bei rasmi ya kufunga. Aliyekuwa tayari kulipa 102 alilipa 101, na aliyeridhika na 99 akapokea 101. Hisa 200 zilikosa mnunuzi, nazo zilikuwa za waliochelewa kuweka oda zao za 101. Zangu ziliuzwa zote kwa sababu oda ya soko hutangulia.

Nilirudia hesabu nikiziondoa hisa zangu. Bei ilibaki 101. Wanunuzi wa 103 walikuwa wameshaondoka, basi.

Ikitokea bei mbili zinauza kiasi kile kile, huchaguliwa ile inayoacha mabaki machache. Mabaki nayo yakilingana, huangaliwa yako upande gani: yakiwa ya wanunuzi bei hupanda kwenye ile ya juu, yakiwa ya wauzaji hushuka kwenye ile ya chini. Vikishindikana vyote, bei ya rejea, yaani bei ya karibuni ambayo soko hulinganisha nayo, ndiyo huamua.

Tangu siku ile siweki oda ya soko mnadani kwa hisa za kampuni ndogo. Naweka kikomo cha bei, hata kama nitakosa kuuza. Kampuni za FTSE 100, yaani faharasa ya kampuni 100 kubwa zaidi za soko la London, ni tofauti, kwa kuwa mifuko ya uwekezaji inayofuata faharasa hiyo hupimwa kwa bei ya kufunga, na mameneja wake huleta oda nyingi mnadani. Kwenye kampuni ndogo, oda moja kubwa inatosha kuivuta bei.

Katika dakika zile tano skrini huonyesha bei elekezi, pamoja na idadi ya hisa zitakazouzwa mnada ukiisha wakati huo. Usiiamini bei ya dakika ya kwanza. Iangalie pamoja na idadi yake: bei ikiruka huku idadi ni ndogo, oda moja tu ikifutwa inarudi ilikotoka. Na usisubiri sekunde ya mwisho. Baada ya saa 10:35 mnada hukatwa wakati wowote ndani ya sekunde 30, bila taarifa, ili mtu asiweze kurusha oda kubwa dakika ya mwisho na kuipotosha bei. Bei ikienda mbali mno na ile ya rejea, mnada huongezewa muda ili wengine wapate nafasi ya kujibu.

Mnada wa asubuhi, kuanzia saa 1:50 hadi saa 2:00, hupanga bei kwa hesabu ile ile. Tofauti ni kwamba hubeba habari zote za usiku, kwa hiyo bei elekezi huyumba zaidi.

Kama unachotaka ni bei ya kufunga yenyewe, subiri itangazwe. Baada ya mnada kuna dakika chache, hadi saa 10:40, ambapo unaweza kuuza au kununua kwa bei hiyo tu, ukiwa umeshaiona. Muulize dalali wako kama anakuruhusu kuingia hapo. Wangu hakuwa ameniambia.