Slaidi za kutuma kwa barua pepe: kichwa kibebe jibu

"Wakuu, nina slaidi 14 nilizowasilisha wiki iliyopita. Bosi anataka wajumbe ambao hawakuwepo nao wazipate. Nafikiria kuzigeuza PDF na kuzituma kama zilivyo. Je, rangi zibaki hizo hizo? Na maandishi yawe ya ukubwa gani?"

Mkuu, usizitume! Nilifanya hivyo hivyo, nikapoteza mradi niliouhangaikia mwaka mzima.

Nilikuwa naomba wahudumu wawili zaidi kwenye dawati letu la wateja. Slaidi ya 5 ilikuwa na chati moja na kichwa cha maneno matatu: "Malalamiko, Januari–Juni". Nguzo zilipanda kutoka malalamiko 40 kwa mwezi hadi 95. Ukumbini nilisimama nikaeleza kwamba Aprili tulifungua laini ya simu, na kabla ya hapo mteja alilazimika kuandika barua. Kwa hiyo ongezeko lilitokana na watu waliokuwa wakinyamaza, ambao sasa walikuwa wamepata njia ya kusema. Kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Kisha faili lile lile likaenda kwa wajumbe watatu waliokuwa safarini. Wao walichoona ni nguzo zinazopanda, basi. Jibu likaja kwamba haiwezekani kuongeza watu kwenye dawati linalozidi kuharibu kazi, kwanza litengenezwe. Ombi likafa hapo. Siwalaumu, maana kwa kilichokuwa mbele yao walisoma sawasawa. Maelezo yote yalikuwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu haukuambatanishwa na ile barua pepe.

Ninayemlaumu ni mkufunzi wa semina moja aliyetukaririsha kwamba slaidi isizidi maneno sita, picha ijieleze yenyewe. Hakutuambia hata mara moja kwamba hiyo ni kanuni ya slaidi zenye msemaji mbele yake! Tulilipia siku mbili za mafunzo, naye hakuuliza kama kuna anayetuma slaidi zake zikasomwe na mtu aliye peke yake. Bado inaniuma.

Na usidhani maelezo uliyoandika kwenye noti za msemaji yatakuokoa. Mimi nilikuwa nayo, tena mazuri. Lakini PowerPoint ikitoa PDF kwa njia ya kawaida inatoa slaidi peke yake, noti zinabaki nyuma mpaka uingie Options uchague "Notes pages". Vilevile vitu ulivyopanga vitokee kimoja baada ya kingine kwa kubofya, kwenye PDF vinatokea vyote kwa pamoja, na vilivyokaa sehemu moja vinafunikana. Slaidi yangu ya 9 ilikuwa na visanduku viwili vilivyolaliana, hakuna aliyeweza kuisoma.

Ninachoshikilia tangu siku ile ni kimoja: kichwa cha kila slaidi kiwe sentensi kamili inayotamka hitimisho, na kilichopo chini yake kiwe ushahidi wa sentensi hiyo tu. Slaidi yangu ya 5 ingepaswa kusomeka hivi: "Malalamiko yamefika 95 kwa mwezi kwa sababu laini ya simu ilifunguliwa Aprili, yanayokuja kwa barua hayajaongezeka." Chini yake kila nguzo igawanywe mara mbili, barua na simu, majina yaandikwe juu ya nguzo zenyewe ili msomaji asihangaike na ufunguo wa rangi pembeni. Juni ionyeshe barua 38 na simu 57. Mstari wa wima usimame Aprili na maneno "laini yafunguliwa". Kisha sentensi mbili au tatu: takwimu zimetoka daftari gani, na kwa nini simu 57 zinahitaji wahudumu wawili. Hapo mtu aliyeko safarini anaelewa bila kukupigia.

Ndiyo, maneno yatakuwa mengi. Msomaji ana slaidi karibu na macho yake, si ukutani mbali, kwa hiyo maandishi ya pointi 12 hadi 14 yanasomeka vizuri kwenye kompyuta. Kama wajumbe wako husomea kwenye simu, usishuke chini ya 16, na maneno yakikataa kuingia, igawe slaidi iwe mbili. Usiyapunguze herufi ili yaenee.

Kabla ya kutuma, fungua View, kisha Outline View, unakili vichwa vyote 14 kwenye ukurasa mtupu. Mpe mtu ambaye hakuwepo ukumbini avisome vichwa peke yake, akuandikie mstari mmoja: unaomba nini na kwa nini. Akikuuliza swali, jibu lake lilipaswa kuwa ndani ya kichwa fulani. Kitafute ukiandike upya. Ukikuta kichwa kama "Utangulizi" au "Hali ilivyo", hicho hakijasema kitu.

Viweke hapa hivyo vichwa kabla hujatuma faili. Nitavisoma leo leo.