Maswali na majibu: SLE, ARO na ile hesabu ya mafuriko inayowabwaga watu kwenye mtihani

Mwalimu shikamoo, mi kwenye hesabu za hatari za usalama wa mifumo SLE na ALE zinanichanganya kila siku, nikishika moja nyingine inapotea. Nisaidie.

Marahaba. Achana kwanza na herufi, jiulize swali moja tu: hii hasara naihesabu kwa tukio au kwa mwaka? SLE ni hasara ya tukio moja, yani limetokea leo mara moja, umepoteza hela ngapi, basi. ALE ni ile hasara ukiitandaza kwa mwaka. Kinachokutoa kwenye tukio kukupeleka kwenye mwaka ni ARO, ambayo ni mara ngapi tukio linategemewa kutokea ndani ya mwaka mmoja.

```
SLE = AV × EF
ALE = SLE × ARO
```

AV ni thamani ya mali, EF ni sehemu ya hiyo mali inayoharibika tukio likitokea. Mali ikiteketea yote EF ni 1, ikiharibika robo ni 0.25. Watu wengi wanaweka asilimia ya EF kwenye nafasi ya ARO kwa sababu zote mbili zinakuja kama desimali ndogo ndogo, kwa hiyo ukiona namba kwenye swali iulize inazungumzia *kiasi gani* au *mara ngapi*. Kiasi gani ni EF, mara ngapi ni ARO.

Kaka naomba unifanyie hili, nimelikosa kwenye mtihani wa majaribio: "Chumba cha seva kina vifaa vya dola 250,000. Mafuriko yakiingia yataharibu asilimia 40 ya vifaa. Mafuriko hutokea mara moja kila miaka 5. ALE ni ngapi?" Mi nimepata 500,000.

Hiyo 500,000 najua umeitoa wapi, umezidisha kwa 5. Kabla hata ya kurudia hesabu, iangalie tu hiyo namba: vifaa vyote thamani yake ni 250,000, sasa utapotezaje laki tano kila mwaka kwa mafuriko yanayokuja mara moja kwa miaka mitano? Haiwezekani. ALE inaweza kuzidi thamani ya mali pale tu tukio linapojirudia mara nyingi ndani ya mwaka, na hapa halijirudii.

Twende taratibu. Mafuriko yakiingia mara moja:

```
SLE = 250,000 × 0.40 = 100,000
```

Sasa "mara moja kila miaka 5". ARO siku zote inataka mara kwa mwaka, kwa hiyo ni moja gawanya kwa tano, 0.2. Wangesema mara 5 kwa mwaka ndo ungeweka 5.

```
ALE = 100,000 × 0.2 = 20,000
```

Jibu dola 20,000 kwa mwaka. Na ujue kwenye machaguo lazima utaikuta 100,000 inakusubiri, ile ni ya aliyeishia kwenye SLE akadhani kamaliza, na utaikuta 50,000 pia, ya aliyesahau EF akazidisha thamani nzima kwa 0.2. Watunzi wa hii mitihani hawaweki namba za kubahatisha, kila chaguo la uongo ni kosa la mtu fulani.

Swali hilohilo la mafuriko lina sehemu ya pili: kampuni inaweza kufunga pampu na kuinua sakafu, gharama 12,000 kwa mwaka, uharibifu ushuke mpaka asilimia 10. Inunue au isinunue? Mi nimesema inunue kwa sababu 12,000 ni ndogo kuliko 20,000.

Jibu umepata ila njia sio, na njia hiyo itakuangusha swali lijalo. Huwezi kulinganisha gharama na ALE nzima kwa sababu pampu haiondoi hasara yote, inaipunguza tu. Linganisha na kile *kinachopungua*.

Pampu haizuii mvua, kwa hiyo ARO inabaki 0.2 ileile, kinachobadilika ni EF. SLE mpya ni 250,000 × 0.10 = 25,000, na ALE mpya ni 5,000. Kutoka 20,000 hadi 5,000 umeokoa 15,000, toa gharama 12,000, inabaki faida ya 3,000 kwa mwaka. Inunue.

Sasa ngoja nikugeuzie: pampu ingekuwa 18,000 kwa mwaka. Kwa njia yako bado ni ndogo kuliko 20,000 kwa hiyo ungenunua, wakati kiukweli unalipa 18,000 kuokoa 15,000, hasara ya 3,000 kila mwaka. Hapo ungebaki na hatari yako au utafute bima.

Na mtego mwingine, wakikwambia pampu inanunuliwa mara moja kwa 60,000 na itadumu miaka 4, usiipeleke hiyo 60,000 moja kwa moja kwenye hesabu, igawe kwanza iwe 15,000 kwa mwaka. Hapo faida inakuwa sifuri kamili, na kama ina matengenezo ya kila mwaka ambayo swali limeyaficha kwenye sentensi ya mwisho basi tayari uko kwenye hasara.

Laptopu je? Kampuni ina laptopu 200 za dola 1,500 kila moja, miaka 3 iliyopita zimeibiwa 12. AV ni 1,500 au ni 300,000?

Zote mbili sawa mradi usizichanganye. Tukio ni wizi wa laptopu moja, kwa hiyo rahisi ni AV 1,500, EF ni 1 maana ikiibiwa imeenda yote, SLE 1,500. Wizi 12 kwa miaka 3 ni ARO ya 4, ALE ni 6,000. Ukitaka kutumia 300,000 poa, ila EF inakuwa 0.005 kwa sababu laptopu moja ni sehemu moja ya 200, na unarudi palepale kwenye 1,500. Anayeumia ni yule anayechukua 300,000 halafu anaweka EF 1, anapata ALE ya 1,200,000, yani kampuni inaibiwa laptopu zote mara nne kwa mwaka!

Ila kazini, tofauti na mtihani, 1,500 ni chuma tu. Data iliyokuwa ndani kama haijasimbwa inaweza kuwa ghali kuliko laptopu yenyewe mara nyingi.

ARO ikiwa 0.2 ina maana nikishapata mafuriko mwaka huu nina miaka minne ya kupumua?

Hapana dada, mafuriko hayana kalenda. 0.2 ni wastani wa muda mrefu. Ukichukulia kila mwaka una nafasi ya 0.2 bila kujali uliopita, uwezekano wa kukaa miaka mitano bila mafuriko kabisa ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano, kama 0.33 hivi, theluthi moja. Na yanaweza kuja miaka miwili mfululizo vilevile.

Ndo maana mi siiamini ALE ikiwa peke yake. Tukio la dola 1,000 linalotokea mara 100 kwa mwaka lina ALE ya 100,000, na tukio la dola milioni 10 linalotokea mara moja kwa miaka 100 nalo lina ALE ya 100,000. La kwanza unalilipa kidogo kidogo kwenye bajeti, la pili likija siku moja linaweza kuifunga kampuni. Kwa hiyo ukipeleka ripoti kwa bosi muwekee na SLE pembeni, aione.