Miaka saba si tarehe ya kukabidhiana mtoto

"Wakili, mwanangu ametimiza miaka saba mwezi uliopita. Nikamchukue lini kwa mama yake?" (Baba, Buhongwa)

Usimchukue. Swali hili nimelijibu mara nyingi hadi nimechoka, na bado linarudi kila mwezi kana kwamba sheria imeandika tarehe ya makabidhiano. Haikuandika. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinatanguliza ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu. Kisha kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, na dhana hiyo yaweza kuvunjwa kwa ushahidi. Akivuka saba, dhana inakoma. Basi. Haigeuki kuwa ya baba.

Kifungu hicho hicho kinamtaka hakimu auangalie ubaya wa kumyumbisha mtoto kwa kumhamisha mkono hadi mkono. Kama mwanao anasoma, ana afya na analala salama, kutimiza miaka saba hakujabadilisha kitu nyumbani kwao. Ukiona kuna sababu ya kweli ya kumhamisha, peleka maombi mahakamani na uithibitishe. Ukimvizia getini mwa shule, ushahidi wa kwanza dhidi yako utakuwa umeutengeneza mwenyewe, na kama ipo amri ya mahakama, umeivunja.

"Nilitoa ng'ombe kumi na wawili. Watoto si wa ukoo wangu?" (Misungwi)

Ukoo wao haujabishaniwa na mtu. Kinachoamuliwa ni nani anawalea. Hakimu anaruhusiwa kutazama mila za wahusika, lakini chini ya ustawi wa mtoto, kamwe si juu yake. Ukianza kumhesabia ng'ombe, atakuuliza mtoto yuko darasa la ngapi na mwalimu wake ni nani. Nimeona akina baba wakinyamaza hapo.

"Tumeachana. Watoto wawili, wa miaka tisa na minne, wamekuwa kwangu miaka mitatu. Mimi nauza dagaa mwalo wa Kirumba, baba yao ana mshahara mgodini Geita na nyumba nzuri. Hakimu atampa yeye?" (Mama, Ilemela)

Pesa peke yake haimpi mtu mtoto. Mahakama inaweza kukuachia watoto na kumwamuru baba yao alipe matunzo, ndiyo maana mshahara wake unakusaidia hata wewe.

Tuangalie kila mtoto, kwa sababu sheria inataka kila mmoja apimwe peke yake. Wa miaka minne analindwa na ile dhana ya chini ya saba. Wa miaka tisa halindwi nayo, lakini ana umri wa kusema anachotaka, na ana miaka mitatu ya maisha yasiyovurugwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwambia hakimu kwamba ni vizuri ndugu wasitenganishwe. Mambo haya matatu yako upande wako.

Udhaifu wako nitakuambia sasa, usije ukausikia kwa wakili wa mwenzako. Biashara ya dagaa inakutoa nyumbani kabla ya alfajiri. Afisa ustawi wa jamii akija kufanya uchunguzi, atauliza nani anabaki na huyo mdogo na nani anamwandaa mkubwa kwenda shule. Ukijibu "majirani wapo", umejiumiza. Awepo mtu mzima anayejulikana, naye awe tayari kuhojiwa. Tunza kadi ya kliniki, risiti za shule, na muombe mwalimu wa darasa aeleze mahudhurio. Baba naye ataulizwa hayo hayo: akiwa kwenye shifti ya usiku, watoto wanabaki na nani? Nyumba nzuri isiyo na mtu ndani haimlei mtoto.

"Hatoi hata senti. Nimzuie asimwone mtoto?" (Igoma)

Hapana. Kumwona baba ni haki ya mtoto, na matunzo ni haki yake nyingine. Usimnyang'anye moja kwa sababu amekosa ya pili. Nenda ustawi wa jamii, na wakishindwa kuwasuluhisha, peleka maombi ya matunzo mahakamani. Kama anapiga au anatishia, hilo ni jambo jingine: iombe mahakama iweke masharti ya kumwona, usiyaweke mwenyewe mlangoni.

"Binti yangu ana miaka kumi na moja. Nimfundishe aseme nini kwa hakimu?" (Nansio)

Asifundishwe. Maoni ya mtoto yana uzito pale tu yanapotoka kwake kwa uhuru, na aliyefundishwa anajulikana upesi. Atasema "mama hana uwezo wa kunihudumia", maneno ya mtu mzima. Asiyefundishwa husema "kwa baba nalala na mdogo wangu", na hakimu anaelewa. Mwambie kwamba jibu lolote halitakukasirisha. Mkitoka mahakamani, usimuulize alisema nini.