Akiteka mazungumzo, usimuulize swali

Baba alipoambiwa kwamba lazima akatwe mguu kwa sababu ya kidonda cha kisukari, kaka zangu walitaka jibu langu jioni ile ile. Nikaenda Kibuye, hapa Kisumu, kwa rafiki yangu anayeuza mitumba. Nilikaa juu ya robota la nguo nikaanza kumweleza. Sikufika mbali. "Wee! Mguu si mchezo. Hata mimi hili goti langu..." Kwa adabu nikamuuliza alitibiwa wapi. Dakika ishirini zikaishia kwenye bei ya dawa, pikipiki iliyomwangusha na kesi ya shemeji yake. Nikarudi Kondele na mzigo wangu vile vile.

Lile swali la adabu ndilo lililoniponza. Mwanasosholojia Mmarekani Charles Derber, aliyechunguza mazungumzo ya kawaida ya watu, alitenganisha majibu ya aina mbili: lile linalovuta mada kwa anayejibu, kama "hata mimi", na lile linalomwachia msemaji uwanja, kama "daktari alisemaje?" Mwenzangu alitoa la kwanza, nami nikamjibu kwa la pili. Nilimkabidhi uwanja mwenyewe.

Siku hizi natoa pole, kisha narudi pale pale nilipokatizwa na kumalizia kwa swali linalohusu jambo langu: "Pole kwa goti, tutalizungumzia. Baba ameambiwa akatwe mguu. Ungekuwa wewe, ungekubali?" Akihama tena, narudia kwa maneno yale yale, bila kupandisha sauti. Mara ya tatu naacha, kwa sababu hapo tunaanza kushindana na hakuna atakayesikia kitu.

Lakini kwanza mtazame vizuri. Kuna anayesema "hata mimi" ili ujue hauko peke yako, akimaliza kisa chake anakugeukia, "Ehe, na mzee?" Huyo mwache aseme. Aliyefiwa naye mwache, hata akirudia jambo lile lile wiki nzima.

Wangu hakuwa akigeuka, basi nikamwambia tukiwa wawili tu. Sikumwambia anajipenda, angejitetea, na ningekuwa nimemhukumu. Nilitaja siku moja tu: "Dadangu, Jumanne nilikuja na habari ya baba, nikarudi nyumbani bila kuimaliza. Iliniuma." Alinyamaza, akakunja blauzi ile ile mara mbili. Akasema alidhani ananiliwaza, kwamba kwao walizaliwa tisa na asiyedakia neno mezani hasikiki.

Amebadilika kiasi. Tukiwa wawili anauliza na kungoja jibu. Akiwepo mtu wa tatu anasahau. Kwa hiyo mambo mazito nampelekea asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, na kabla sijaanza namwambia, "Leo nataka unisikilize tu." Yale yanayotaka jibu siku hiyo hiyo nayapeleka kwa jirani yangu wa Kondele.