Kabla hujalipa amana kwa kampuni yenye "wateja milioni moja"

Swali: "Kampuni ya intaneti inataka niwe wakala wake hapa Pipeline. Wanasema wana wateja zaidi ya milioni moja nchini na ndio wakubwa zaidi Afrika Mashariki. Amana ni shilingi 150,000. Nitajuaje kama ni kweli?"

Ndugu, usilipe. Nimesoma swali lako mara mbili nikihisi kama ninasoma barua niliyoiandika mwenyewe Februari 2021, wakati nilipotoa shilingi 180,000 ili niwe wakala wa kampuni ya namna hiyo kule Umoja, pamoja na kodi ya miezi mitatu ya chumba cha kuhifadhia ruta. Ruta hizo bado ninazo, na moja inazuia mlango wa jikoni usijifunge.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi sikulipa kijinga kama majirani wanavyodhani. Nilichunguza. Meneja wao wa mauzo aliponiambia habari za wateja milioni moja, nilirudi nyumbani, nikaketi na simu, nikakuta tovuti tatu za habari za biashara zikisema jambo lile lile. Nikajiambia kwamba mashahidi watatu wanatosha hata mahakamani. Miezi mitano baadaye, nikiwa na wateja tisa, nilizifungua tena tovuti zile na kuzisoma taratibu. Zote tatu zilikuwa zimechapishwa wiki moja, zote zilitumia sentensi ile ile, na zote ziliandika "Kitengala" badala ya Kitengela. Kosa la herufi moja haliwezi kuwatokea waandishi watatu kwa wakati mmoja. Kampuni ilikuwa imetuma taarifa yake kwa vyombo vya habari, nao wakainakili ilivyo, bila hata mmoja wao kumpigia mtu simu. Kwa hiyo mashahidi wangu watatu walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiniuzia. Waandishi wale nina neno nao ambalo wasimamizi wa jukwaa hili watalifuta, basi nalimeza.

Wakati huo huo, jibu la kweli lilikuwa mtandaoni bila malipo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa ripoti ya takwimu za sekta kila robo mwaka, na ndani yake kuna jedwali la intaneti ya kudumu, yaani ile inayoletwa nyumbani au ofisini na si ya simu ya mkononi, likionyesha idadi ya laini za kila mtoa huduma na sehemu yake ya soko. Zingatia kwamba mwaka wao wa fedha huanza Julai, hivyo "robo ya pili" ni Oktoba hadi Desemba. Nilipoifungua hatimaye ripoti iliyokuwa tayari wakati ninalipa, niliona kwamba jumla ya laini zote za kudumu nchini, za kampuni zote zikiwekwa pamoja, haikuwa imefika milioni moja. Kampuni yangu ilikuwa inadai wateja wengi kuliko soko zima lililokuwamo! Nayo haikuwa na mstari wake katika jedwali. Ilikuwa imefungiwa katika fungu la mwisho la "wengineo".

Mtu atasema kwamba takwimu hizo hutoka kwa kampuni zenyewe. Ni kweli, lakini kampuni huziwasilisha kwa msimamizi anayeshikilia leseni yake, na huko huwa na adabu ambayo haionekani kwenye bango la barabarani.

Hata bila ripoti, hesabu ya kichwani ingeniokoa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu kaya zipatazo milioni 1.5 katika Nairobi. Kama kampuni ambayo karibu kazi yake yote iko jijini ina nyumba milioni moja, basi milango miwili kati ya kila mitatu ingepaswa kuwa na waya wake. Baada ya kulipa (angalia mpangilio wangu wa akili) nilipanda ngazi za jengo letu lenye milango arubaini nikihesabu. Nilikuta waya wao kwenye milango miwili, na mmoja ulikuwa umekatwa.

Milioni ile ilitoka wapi basi? Fundi wao mmoja alinieleza baadaye tukinywa chai. Walikuwa na waifai za kulipia kwa saa katika vituo vya matatu na sokoni, na kila simu iliyowahi kuunganishwa hata mara moja tangu kampuni ianze iliandikwa kuwa "mteja". Walihesabu kwa kitambulisho cha MAC ambacho simu hujitambulisha nacho kwa ruta. Tatizo ni kwamba tangu Android 10 na iOS 14, simu huonyesha kitambulisho cha kubuni, tofauti kwa kila jina la waifai. Kampuni ilikuwa imeipa kila mtaa jina lake la waifai, kwa hiyo kijana mmoja aliyetoka Umoja akapitia Donholm hadi mjini aliweza kuhesabiwa kuwa wateja watatu kabla ya chakula cha mchana. Hawakudanganya kuhusu nambari, walidanganya kuhusu neno "mteja". Kwa hiyo waulize wako: anayehesabiwa ni nani, aliyelipa mwezi huu au aliyewahi kupita? Na nyumba zinazotajwa ni zilizounganishwa, au ni zile ambazo waya umepita karibu nazo tu?

Kuhusu "wakubwa zaidi Afrika Mashariki" sitapoteza wino mwingi. Wakubwa kwa nini: laini, mapato, au urefu wa faiba? Katika nchi zipi na mwaka gani? Wasimamizi wa Tanzania na Uganda nao huchapisha takwimu zao, na kampuni isiyo na mstari wake katika jedwali la Kenya haiwezi kuwa jitu ikivuka Namanga.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia shilingi 180,000: usitie sahihi mpaka uione nambari hiyo imeandikwa na mtu asiyepata faida ukiiamini. Tuzo iliyo ukutani pa ofisi haihesabiki, habari iliyonakiliwa haihesabiki, na binamu yako aliyejiunga mwezi jana na anayelipwa kwa kukuleta hahesabiki kabisa.

Leo jioni fungua ripoti ya karibuni ya Mamlaka, tafuta jedwali la intaneti ya kudumu, uangalie kama jina lao limo. Jina la kibiashara wakati mwingine hutofautiana na lile la leseni, hivyo waombe kwanza jina lililoandikwa kwenye leseni. Kisha mwandikie meneja kwa barua pepe, si kwa simu, umuulize ni laini ngapi za kudumu waliziripoti kwa Mamlaka robo iliyopita. Mimi nilimuuliza wangu swali hilo Julai 2021, na bado ninasubiri jibu.